Kutoka slaidi hadi bombani: kutunga wimbo wa kunawa mikono

Slaidi zilikuwa 16, zote kwa Kifaransa. Mhudumu wa afya aliyezileta katika darasa la chekechea hapa Rohero, mjini Bujumbura, alizieleza kwa upole, akitafsiri kila moja kwa Kirundi na Kiswahili, na watoto walitulia kwa sababu picha zilikuwa nzuri. Baada ya nusu saa ukafika wakati wa uji. Nilisimama karibu na bomba nikawatazama. Wengi walipitisha vidole kwenye maji, wakajifuta kwenye sare zao, wakaenda kukaa. Somo walikuwa wamelisikia, ila mikono yao haikuwa imeambiwa la kufanya.

Mwalimu wao akaniomba nizigeuze zile slaidi ziwe wimbo. Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Ilinichukua wiki tatu, na nyingi kati ya siku hizo zilikwenda katika kurekebisha makosa ninayotaka kuyaeleza hapa, ili mwalimu au mzazi mwingine asiyarudie.

Kosa la kwanza lilikuwa kuufanya wimbo kuwa muhtasari wa slaidi. Nilianza na slaidi za mwanzo, zile za vijidudu, nikatunga mistari miwili niliyojivunia:

*Vijidudu vya maradhi*
*huenea kila ardhi*

Vina vimekubali, mizani ni nane kila mstari. Lakini mtoto akiimba maneno hayo bombani, mikono yake inafanya nini? Haifanyi kitu. Tena sauti ya "dh" haimo katika Kirundi, kwa hiyo darasa zima liliimba "marazi". Nikaufuta ubeti huo, nikaanza upya na swali moja tu kwa kila slaidi: je, hii inauambia mkono ufanye nini, au lini? Ikijibu ndiyo, inastahili mstari. Ikijibu hapana, ibaki kwa mwalimu, aisimulie kama hadithi darasani.

Kwa kipimo hicho, slaidi za jina na nembo zikaondoka. Slaidi za vijidudu, za takwimu na za orodha ya magonjwa zikaondoka pia, ingawa habari yake ni nzito kwetu: tarehe 1 Januari 2023 serikali ilitangaza mlipuko wa kipindupindu, na wagonjwa wa mwanzo walikuwa hapa hapa Bujumbura. Mtoto wa miaka mitano aelezwe jambo hilo na mtu mzima anayemjua, kwa sauti ya kawaida. Kuliimba hakumsaidii.

Slaidi ya nyakati za kunawa ilitaja tano: baada ya choo, kabla ya kula, kabla ya kupika, kabla ya kumlisha mtoto mchanga, na baada ya kumsafisha. Tatu za mwisho ni za wazazi na dada wakubwa. Mtoto wa chekechea anahitaji mbili, choo na chakula, nami nikabaki na hizo. Kisha zikaja slaidi sita za michoro ya mikono inayosuguana, na hapo ndipo ulipokuwa wimbo wenyewe.

Wimbo kama saa

Kusugua kwa sabuni kunatakiwa kuchukua kama sekunde 20. Ukijumlisha kulowesha, kusuuza na kukausha, Shirika la Afya Duniani linataja sekunde 40 hadi 60 kwa shughuli nzima. Mtoto hana saa, na hata akihesabu moja hadi ishirini atakimbiza hesabu. Katika nchi zinazosema Kiingereza watu hushauriwa kuimba wimbo wa siku ya kuzaliwa mara mbili. Muda unatimia, lakini maneno yake hayasemi lolote kuhusu vidole, na mtu anaweza kuumaliza wote akisugua viganja tu. Wavietnamu walifanya vizuri zaidi mwezi Februari 2020. Taasisi yao ya afya ya kazi na mazingira, pamoja na mtunzi Khắc Hưng, walitoa wimbo wa "Ghen Cô Vy", na mcheza dansi Quang Đăng akautungia mwendo uliofuata hatua za kunawa. Hapo wimbo ulikuwa saa na ramani kwa pamoja, na ndicho nilichokitaka kwa watoto wetu.

Hesabu yake ni nyepesi. Mstari wa mizani nane, yaani silabi nane, una mapigo manne, pigo moja kwa kila silabi mbili. Ukiimba kwa mwendo wa mtu anayetembea bila haraka, mstari mmoja unachukua sekunde mbili na nusu. Mistari minane ni sekunde 20. Basi sehemu ya kusugua iwe na mistari minane, isipungue. Huhitaji chombo chochote kuupata mwendo huo: tembea uwanjani ukiimba, hatua moja kwa kila pigo, huku mwenzako akitazama saa. Ukimaliza hatua 32 sekunde ya 20 ikiwa inaingia, umeupata.

Mkazo uangukie pigo

Hapa ndipo nilipokwama siku nyingi. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: sa-BU-ni, ki-GA-nja, vi-DO-le. Wimbo nao una mapigo yake mazito, na katika mstari wa mizani nane hayo huangukia silabi ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya saba. Mkazo wa neno usipokutana na pigo, mtoto huvuta neno vibaya, nalo halimkai kichwani. Mstari wangu wa awali ulikuwa "Nashika maji, sabuni". Ukiuhesabu ni mizani nane kamili, lakini mkazo unaangukia silabi ya pili, ya nne na ya saba, na watoto walijikwaa hapo hapo kila mara.

Dawa niliyoipata ni hii. Maneno ya silabi mbili, kama maji, povu na kucha, yanakaa vizuri yakianza kwenye pigo. Neno la silabi tatu litangulizwe na kineno cha silabi moja: na, ni, kwa, ya. "Na sabuni" inaleta mkazo mahali pake, "kwa kiganja" pia, "ya vidole" pia. Ndiyo maana utaviona vineno hivyo kila mahali katika wimbo. Havipo kwa ajili ya maana peke yake.

Kwa sababu hiyo hiyo niliogopa kuazima tuni za nyimbo za Kifaransa ambazo watoto wa chekechea wa mjini hapa wanazijua. Kifaransa hupenda kuangusha uzito mwishoni mwa neno, kwa hiyo tuni nyingi za aina hiyo hulazimisha "sabuNI" na "kiganJA". Tulichukua badala yake mwendo wa michezo ya kupiga makofi ambayo watoto wanacheza uani, noti tatu tu, zinazopanda kidogo katikati ya mstari na kushuka mwishoni. Mtoto asiyeweza kuimba anaweza hata kuusema.

Kuhusu maneno, nilitafuta yale ambayo mtoto anayezungumza Kirundi nyumbani anayatambua mara moja: maji ni amazi, sabuni ni isabuni, kiganja ni ikiganza. Niliepuka pia kuweka maana ya mstari kwenye tofauti ya "r" na "l", maana Kirundi hakizitenganishi, na masikio ya watoto wetu huzichanganya. Na nilichagua "nawa" badala ya "osha mikono". Ni fupi, ni sahihi zaidi, na ndilo neno la mezani.

Huu hapa, kama ulivyokaa baada ya wiki tatu. Mistari minne ya kwanza huimbwa watoto wakienda bombani na wakilowesha mikono:

*Nikitoka tu chooni,*
*maji kwanza, na sabuni.*
*Nikiitwa kwa chakula,*
*sijanawa, sitakula.*

Sabuni ikishashikwa, wote wanapaza sauti: "Funga!" Bomba linafungwa. Kisha inaanza mistari ya kusugua:

*Ni kiganja kwa kiganja,*
*povu tele, sitaonja.*
*Nyuma huku, nyuma kule,*
*katikati ya vidole.*
*Dole gumba la kulia,*
*la kushoto nalo pia.*
*Kucha ndani ya kiganja,*
*kama kuku wa kiwanja.*

Wanapaza tena: "Fungua!" Na mistari ya mwisho:

*Sasa maji, povu nenda,*
*peperusha, kisha kwenda.*

Niseme kwa nini baadhi ya mistari iko hivyo. Viganja vimepewa mistari miwili kwa sababu povu linahitaji muda wa kutoka, hasa kwa kipande cha sabuni kilichokauka, na "sitaonja" iliingia kwa ajili ya wadogo wanaoramba povu. Madole gumba yamepewa mistari miwili kwa makusudi. Mwaka 1978 huko Uingereza L. J. Taylor alichunguza jinsi wauguzi wanavyonawa, akakuta sehemu zinazosahaulika zaidi ni dole gumba, ncha za vidole na katikati ya vidole. Ikiwa muuguzi aliyefunzwa anasahau dole gumba, mtoto atalisahau mara kumi. Kuku anayechakura ni wa ncha za vidole: mtoto anakunja vidole na kuchakura kiganja cha mkono wa pili, kisha anabadilisha. Msichana mmoja aliniuliza, "Mwalimu, na kuku ananawa?" Hakuna aliyeisahau hatua hiyo tangu siku ile.

"Peperusha" ipo kwa sababu taulo moja inayotumiwa na watoto thelathini inarudisha uchafu uliokwisha kuondoka. Afadhali mikono ikauke kwa hewa.

Hatua moja ya michoro niliiacha: ile ya kusugua migongo ya vidole vilivyokunjwa ndani ya kiganja cha pili. Ningeiweka, mistari ingekuwa kumi, na watoto wa miaka minne walikuwa tayari wanapoteza njia kabla ya kuimaliza hii minane. Kwa darasa la tatu au la nne unaweza kuongeza ubeti wake. Kwa wadogo, nilipendelea hatua tano zinazofanywa kuliko sita zinazoimbwa tu.

"Funga" na "Fungua"

Miito hii miwili haimo katika mizani, na ndiyo inayofanya kazi kubwa ya kuokoa maji. Anayeishi Bujumbura anajua siku ambazo bomba, au robine kama wengi tunavyosema, linatoa hewa tu. Sekunde 20 za kusugua bomba likiwa wazi ni maji mengi yanayokwenda bure, na mwalimu anayeona hivyo atasimamisha wimbo wote, kwa haki kabisa. Mahali penye bidoni na kopo, mtoto mmoja humiminia wenzake, na miito inamwelekeza yeye: "Funga" ni kusimamisha, "Fungua" ni kumimina tena. Beseni moja la wote lisitumike hata wimbo ukiimbwa vizuri namna gani. Maji yapite juu ya mikono na kuanguka chini.

Na sabuni iwepo. Hili linaonekana dogo mpaka siku unapokuta watoto wanaimba "povu tele" kwa maji matupu. Mwaka 2020, wakati wa korona, serikali na UNICEF walishirikiana na kiwanda cha Savonor ili sabuni ya buluu, Bururu, ipatikane kwa nusu ya bei, kwa kuwa kuwahimiza watu wanawe bila sabuni ya kununulika kulikuwa kazi bure. Darasani, kipande cha sabuni kilichotiwa ndani ya soksi safi na kufungwa kwa kamba kando ya bomba hakipotei wala hakidondoki kwenye udongo.

Kuufundisha bila kuuharibu

Tulianza bila maji. Siku mbili za kwanza watoto walikaa uani wakisugua mikono mikavu, mwalimu akiongoza mstari mmoja na wao wakiurudia. Mistari minne tu kwa siku. Siku ya tatu tukaunganisha sehemu ya kusugua yote, siku ya nne tukaenda bombani.

Siku ya nne ndipo kosa la pili lilipotokea. Watoto walikuwa wameukariri, wakafurahi, wakaukimbiza. Nilitazama saa: sekunde 13. Tukajaribu kuwaambia waimbe polepole, na haikusaidia, maana mtoto aliyefurahi hana polepole. Kilichosaidia ni kumrudisha kiongozi. Mwalimu, au mtoto mkubwa aliyeteuliwa wiki hiyo, anaimba mstari, wenzake wanauitikia, na mikono inaendelea kusugua katika zamu zote mbili. Hakuna anayeweza kumtangulia kiongozi. Sehemu ya kusugua sasa ilichukua sekunde kama 40, na baada ya siku kumi, walipoachwa waimbe wenyewe bila kiongozi, mwendo ulikuwa umewaingia: walimaliza kati ya sekunde 19 na 22.

Kosa la tatu halisikiki, linaonekana tu. Mtoto anaimba mistari yote vizuri huku mikono yake ikibaki kiganja kwa kiganja kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa mbali utadhani ananawa. Ili kumjua, changanya kijiko kimoja cha bizari ya manjano na mafuta kidogo ya kupikia, umpake mtoto mikono yote miwili mpaka kwenye kucha, umwache anawe akiimba. Manjano itabaki pale ambapo hakusugua. Usimwambie alipokosea. Mwache atazame mwenyewe, kisha mwulize ni mstari gani wa wimbo unaotaja mahali hapo. Tulifanya hivyo kwa watoto sita kila Ijumaa, ili zamu iwafikie wote bila kumaliza bizari ya jikoni. Fanya asubuhi nguo zikiwa zimekunjwa mikono, maana doa la manjano haliondoki kirahisi, na wazazi waambiwe mapema.

Walimu kadhaa wameniuliza kama nitautafsiri kwa Kirundi. Sitautafsiri. Kirundi kina irabu ndefu na fupi na toni zake, kwa hiyo mstari wa mizani nane kwa Kiswahili hautakuwa na mapigo manne ukihamishwa neno kwa neno. Anayeutaka kwa Kirundi ampe kazi mtu aliyelelewa katika lugha hiyo, ampe orodha ya hatua tano na muda wa sekunde 20, amwache atunge upya. Anayetilia shaka kuwa lugha hiyo inaweza kukaa kichwani aikumbuke kaulimbiu ya kampeni ya upimaji wa korona ya mwaka 2020, *Ndakira, sinandura, kandi sinanduza abandi*. Sinandura na sinanduza zinaitana zenyewe, na watu wazima wengi hapa mjini bado wanaweza kuisema bila kusita.

Kwa atakayependa kuanza, katikati ya Septemba ni wakati mzuri, shule zikiwa zimefunguliwa. Tarehe 15 Oktoba ni Siku ya Kunawa Mikono Duniani, na wiki nne zinatosha kwa watoto kuuimba mbele ya wazazi bila kiongozi.

Mwezi mmoja baadaye nilirudi nikasimama mahali pale pale, mbali kidogo na bomba, bila kujionyesha. Watoto hubadilisha nyimbo, na nilitaka kujua wamebadilisha nini. Kundi moja lilikuwa linaimba "kama kuku wa jirani". Kina kimepotea, lakini mizani ni nane bado na vidole vilikuwa vinachakura, basi nikawaacha na kuku wao wa jirani. Kundi la pili liliruka mstari mmoja: kutoka "la kulia" moja kwa moja hadi "kucha". Ijumaa hiyo tuliwapaka manjano wanne kati yao. Watatu walibaki na dole gumba la kushoto la njano, na mwalimu akaurudisha mstari wao kwa kuuimba peke yake, mara tatu, kabla ya kufungua maji.